Kiwiko cha Mpakiaji wa Ndizi Hakiponi kwa Sindano

Ikiwa umewahi kufika Taveta siku ya soko, Jumatano au Jumamosi, bila shaka umeona namna mikungu ya ndizi inavyopakiwa kwenye malori. Mpakiaji huinama, akashika shina la mkungu kiganja kikitazama chini, akauinua na kumrushia mwenzake aliye juu ya lori. Mkungu mmoja mkubwa waweza kuwa na kilo 30, na mtu mmoja huinua makumi kwa makumi kabla ya jua kutua. Ndizi hizo ndizo tunazokula Voi na Mombasa. Leo ningependa tuzungumze juu ya mkono unaozipakia.

Ugonjwa wenyewe madaktari huuita kiwiko cha tenisi. Jina hilo lilitokana na wachezaji wa Uingereza katika karne ya 19, nalo limewapotosha wengi, kwa maana wagonjwa walio wengi hawajawahi kushika raketi. Ni ugonjwa wa waashi, maseremala, mafundi wa magari, wakata mkonge, akina mama wanaokamua nguo nzito, na hao wapakiaji wa Bomeni. Kwa kawaida huwashika watu wa umri wa kati ya miaka 35 na 55, na hasa katika mkono wanaoutumia zaidi.

Tumchukulie mpakiaji mmoja wa Bomeni mwenye umri wa miaka 40. Kwa muda wa mwezi mzima amekuwa akisikia maumivu upande wa nje wa kiwiko, pale penye kinundu cha mfupa. Akiwa ametulia haumwi sana. Lakini akishika birika la chai, akisalimiana kwa mkono, au akifungua kifuniko cha chupa, maumivu humchoma na kuteremka kwenye kigasha. Ajabu ni kwamba kiwiko chenyewe hukunja na kukunjua bila taabu. Hiyo ni dalili kubwa kwamba kiungo ni kizima, na kwamba kasoro iko kwenye kano.

Kuna njia rahisi ya kujipima nyumbani. Nyosha mkono mbele yako, kiganja kikitazama chini, kisha mwambie mtu akisukume chini kidole chako cha kati huku wewe ukimpinga. Maumivu yakichoma pale pale kwenye kinundu, basi huenda una ugonjwa huu. Halafu inua kiti chepesi kiganja kikiwa chini, kisha kiinue tena kiganja kikiwa juu. Mara nyingi ile njia ya kwanza huuma na ya pili huvumilika. Ikumbuke tofauti hiyo, kwa sababu ndani yake mna nusu ya dawa.

Kwa nini iwe hivyo? Misuli inayoinua kifundo cha mkono kuelekea juu hushikamana kwa kano moja fupi kwenye kile kinundu cha kiwiko. Unaposhika kitu kwa nguvu, vidole hutaka kukivuta kifundo kiende chini, na misuli hiyo hulazimika kukizuia kisianguke. Kwa hivyo kila unapofumba ngumi, kano hiyo huvutwa. Kiganja kikiwa chini, uzito wote wa mzigo huongezeka juu yake. Kiganja kikiwa juu, kazi huchukuliwa na misuli mingine iliyo upande wa ndani na ile ya mbele ya mkono wa juu, ambayo ni minene na yenye nguvu zaidi.

Kano ikivutwa kupita kiasi kwa wiki nyingi, nyuzi zake hulegea na kupoteza mpangilio. Zamani madaktari walidhani hapo pana uvimbe wa moto, lakini ilipochunguzwa kwa darubini, kilichoonekana zaidi ni kano iliyochakaa na kushindwa kujitengeneza vizuri. Hii ndiyo sababu vidonge vya maumivu hutuliza kwa siku chache tu, kisha maumivu yakarudi.

Hapa ndipo nafika kwenye lalamiko langu. Mpakiaji wetu akienda kutafuta matibabu, mara nyingi hupewa moja kati ya mambo mawili. Ama huambiwa apumzike, ama huchomwa sindano ya kotisoni kwenye kiwiko. Naona yote mawili hayamfai, nami nitaeleza kwa nini.

Tuanze na sindano. Hatukatai kwamba yaondoa maumivu upesi, na ndiyo sababu inapendwa. Lakini watafiti wa Uholanzi waliwafuatilia wagonjwa 185 wa kiwiko hiki kwa mwaka mzima, na matokeo yao yalichapishwa mwaka wa 2002. Baada ya wiki 6, wagonjwa 92 katika kila 100 waliochomwa sindano walikuwa wamepata nafuu, na wale waliongoja tu bila tiba maalum walikuwa 32. Ungesema sindano imeshinda. Lakini mwaka ulipotimia mambo yaligeuka: waliochomwa sindano wenye nafuu walikuwa 69, walioongoja walikuwa 83, na waliopata mazoezi na tiba ya viungo walikuwa 91. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka wa 2006 ulionyesha vivyo hivyo, kwamba wengi waliopona kwa sindano waliugua tena.

Sababu si ngumu kufahamu. Sindano hunyamazisha maumivu lakini haiipi kano nguvu. Mpakiaji asiyesikia maumivu hurudi sokoni Jumamosi ile ile na kuinua mikungu kama zamani, juu ya kano ambayo bado ni mbovu. Sindano ya namna hii ni mkopo, na riba yake hulipwa miezi michache baadaye.

Na je, kupumzika? Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka wa 2007 humpa mfanyakazi aliyetumika miezi miwili mfululizo angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na nyingine 7 kwa nusu mshahara, katika kila mwaka. Kano huchukua wiki 6 hadi 12 kupata nguvu, na pengine zaidi. Tena kibarua anayelipwa kwa mzigo aliopakia leo hana hata hizo siku 14. Kumwambia mtu kama huyo apumzike miezi miwili ni kumwambia watoto wake walale njaa. Zaidi ya hayo, kano isiyofanyishwa kazi yoyote huzidi kudhoofika. Kinachotakiwa ni kupunguza mzigo na kuubadilisha, si kukaa bure.

Kuna mtego mwingine ambao daktari hawezi kuujua asipouliza. Kati ya soko la Jumatano na la Jumamosi kuna siku mbili, na kati ya Jumamosi na Jumatano kuna tatu. Siku hizo zingetosha kuipumzisha kano baada ya kupakia. Lakini mpakiaji huzitumia shambani, akilima kwa jembe au akizibua mifereji ya maji, na mpini wa jembe huivuta kano ile ile. Kwa hivyo yeye hudhani anapumzika, hali mkono wake haujapata hata siku moja. Kwa wiki tatu za kwanza, ningemshauri aliache jembe kabla ya kuacha soko, maana soko ndilo linalompa pesa za mkononi.

Sasa mazoezi. Kwanza ni kunyoosha. Nyosha mkono unaouma, kiganja kikitazama chini, kisha kwa mkono wa pili uvute mgongo wa kiganja chini kuelekea kwako mpaka usikie kigasha kikivutika. Shikilia sekunde 30, ulegeze, urudie mara 3, asubuhi na jioni.

Zoezi la pili ndilo la kuijenga kano. Laza kigasha juu ya meza, kiganja chini kikining'inia nje ya ukingo, ukiwa umeshika chupa ya nusu lita iliyojaa maji. Inua chupa kwa kusaidiwa na mkono mzima, kisha iachie mkono mgonjwa uiteremshe peke yake polepole, ukihesabu moja hadi nne. Fanya mara 10, pumzika dakika moja, na urudie mpaka mafungu matatu, mara moja kwa siku. Ikiwa chupa ni nzito mno, anza nayo ikiwa nusu. Ikizoeleka kwa wiki mbili au tatu, tumia ya lita moja.

Maumivu kidogo wakati wa zoezi si hatari. Kipimo ni kesho yake asubuhi. Ukiamka na kiwiko kiko kama jana au nafuu, endelea. Kikiwa kibaya zaidi, ulizidisha, basi punguza maji kwenye chupa.

Kurudi kwenye kazi kamili kuwe kwa hatua. Mpakiaji akiweza kukamua kitambaa na kuinua kiti kiganja kikiwa chini bila kuchomwa, na aanze na mikungu midogo, nusu siku, akiishika kwa chini viganja vikitazama juu, mzigo ukiwa karibu na kifua. Mikungu mikubwa ichukuliwe na watu wawili. Panga linolewe vyema, na mpini mwembamba uzungushiwe mpira wa tyubu kuukuu, ili usihitaji kubanwa sana. Nao viongozi wa wapakiaji wanaweza kumpa mgonjwa kazi ya kuhesabu au kupanga mikungu kwa wiki chache, kwa zamu. Leo ni yeye, kesho ni mwingine.

Si kila kiwiko kinachouma ni hiki. Kikiwa kimevimba na kina joto, ukiwa na homa, au kikishindwa kunyooka baada ya kuanguka, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Vidole vikifa ganzi, au maumivu yakianzia shingoni, huenda ni mshipa wa fahamu. Na kama baada ya miezi mitatu ya mazoezi hujaona mabadiliko, tafuta mtaalamu wa viungo.

Wengi hupona ndani ya mwaka mmoja, hata bila sindano. Basi utakapoulizwa kama uchomwe, muulize daktari swali moja: mkono huu utakuwaje mwaka ujao? Naye daktari na aulize lake, ambalo mara nyingi husahauliwa: mkono huu hushika nini kati ya Jumapili na Jumanne?