"Hivi Karibuni" Si Tarehe

Tunaopenda vitabu tuna tabia ya kuchambua riwaya mstari kwa mstari, halafu ujumbe wa duka tunausoma na kunyamaza. Nadhani ujumbe huo nao unastahili uhakiki, tena mkali. Chukulia huu, ambao kila aliyewahi kuagiza kitabu mtandaoni atautambua:

"Ndugu mteja, kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu, kumekuwa na ucheleweshaji wa baadhi ya mizigo. Jitihada zinafanyika na mzigo utawasilishwa hivi karibuni. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza."

Haya, nani kachelewa hapo? Hakuna. "Kumekuwa na ucheleweshaji", kama vile kumekuwa na mvua. Jitihada nazo "zinafanyika", zinajifanya zenyewe. "Baadhi ya mizigo" inamwacha mteja akijiuliza kama wake umo. Na hilo neno la mwisho ndilo linaloniudhi zaidi: usumbufu "utakaojitokeza". Mtu kalipa hela yake, siku ya ahadi imepita, halafu anaambiwa usumbufu bado uko mbele!

Sasa tumpe huyo mteja sura. Tuseme ni mwalimu wa Mwanza aliyeagiza nakala kumi za riwaya kwa ajili ya kikundi chake cha wasomaji, kinachokutana tarehe 12 Julai. Duka liko Dar es Salaam na vitabu vimechapwa nje ya nchi. Ahadi ilikuwa 20 Juni. Leo ni 25 Juni, na wakala wa forodha anasema meli itafunga gatini tarehe 28, siku ya Jumamosi. Karatasi zikikubaliwa moja kwa moja, kutoa mzigo ni siku 5 za kazi. Kontena likifunguliwa kukaguliwa, ni siku 10. Kupanga na kufunga vifurushi ni siku 2, na basi hadi kukabidhi Mwanza siku 2 nyingine.

Hesabu inaanza Jumatatu, 30 Juni. Kila kitu kikienda vizuri, ukiruka wikiendi na sikukuu ya Saba Saba, vitabu vinafika Ijumaa, 11 Julai. Kontena likifunguliwa, vinafika Ijumaa ya wiki inayofuata, 18 Julai. Wauzaji wengi hapa hushikwa na tamaa wakaandika 11, kwa sababu inapendeza. Lakini 11 inahitaji hatua zote zisikwame hata kidogo, na muuzaji tayari kashavunja ahadi moja. Akivunja ya pili, ya tatu haitasikilizwa na mtu. Tarehe ya kumpa mteja ni 18. Vitabu vikiwahi, hakuna atakayelalamika.

Kwa hiyo ujumbe uandikwe hivi:

"Mwalimu, vitabu vyako tulivyoahidi kuleta 20 Juni havijafika. Tumechelewa. Tulikupa tarehe kabla ya kujua meli inafika lini, na hilo ni kosa letu. Meli itafika 28 Juni. Tutakukabidhi vitabu Mwanza kufikia Ijumaa, 18 Julai, hata kontena likikaguliwa. Meli ikichelewa zaidi, tutakuambia siku hiyohiyo. Tarehe 8 Julai tutakuandikia mzigo umefikia wapi. Kama huwezi kusubiri, jibu ujumbe huu nasi tutakurudishia hela yako yote."

Angalia kilichobadilika. Kitenzi kimepata mwenyewe: "tumechelewa". Sababu ni moja na inaeleweka. Na mwalimu sasa anaweza kuamua. Anaahirisha kikao hadi 19 Julai, au anaazima nakala, au anadai hela yake. Kwa "hivi karibuni" asingeweza kufanya hata moja kati ya hayo. Angebaki kupiga simu.

Najua jibu la wauzaji: ukisema ukweli, watu watafuta oda. Ndiyo, wapo watakaofuta, na ni haki yao, hela ni yao. Wengine watasema tarehe yenyewe haijulikani, meli bado iko baharini. Sawa. Basi usibuni. Andika kwamba hujui, kisha taja siku utakayorudi na taarifa, na siku hiyo urudi kweli, hata kama huna jipya. Hiyo nayo ni tarehe, na inashikika.

Kisichokubalika ni kujificha nyuma ya sarufi. Kiswahili kina nafsi ya kwanza wingi, "tu-", silabi moja tu. Duka linaloitumia kwenye "tumepokea malipo yako" haliwezi kuisahau ghafla linapofika kwenye kuchelewa.