Wacha Kupima Nairobi Nzima Kutafuta Duka la Jirani

Wasee wa apu za kuagiza vitu, leo niko na nyinyi. Msee ako Umoja, gesi imeisha ugali ukiwa jikoni, anafungua apu yako aone duka lililo karibu. Apu inazunguka, inazunguka, mwisho anaifunga na kutembea hadi kwa kona. Halafu nyinyi mnasema seva ni ndogo, mnaongeza pesa. Mimi nasema shida si seva. Shida ni swali mnalouliza databesi.

Wengi wanafanya hivi: wanachukua mahali alipo mteja, wanapima umbali hadi kila duka kwa jedwali, wanapanga kutoka dogo hadi kubwa, wanachukua matano ya kwanza. Ukiwa na maduka 200, sawa tu. Ukiwa na 20,000 na wateja 500 wafungue apu jioni moja, hiyo ni hesabu milioni 10, na karibu zote ni za maduka ambayo hakuna mtu angeyaendea.

Kuna wale watasema, "Lakini nimeweka indeksi kwa latitudo na nyingine kwa longitudo." Poa, lakini indeksi ya kawaida inapanga vitu kwa mstari mmoja. Umoja iko karibu na latitudo -1.28. Ukiiambia ilete maduka ya latitudo hiyo, itakupa ukanda mrefu unaopita Umoja, tao, hadi Kawangware. Kawangware iko karibu kilomita 15 kutoka Umoja, bana! Kwa indeksi hiyo, hao ni majirani.

Indeksi ya kijiografia inafikiria tofauti. Inafunga maduka yaliyo karibu ndani ya boksi, halafu maboksi madogo ndani ya boksi kubwa. Wazo hili linaitwa R-tree, na Antonin Guttman aliliandika 1984, kabla wengi wetu tuzaliwe. Ukitafuta kutoka Umoja, databesi inafungua boksi lililo karibu kwanza. Boksi la Kawangware likiwa mbali kuliko maduka matano iliyopata tayari, haliguswi kabisa.

Kwa PostgreSQL yenye PostGIS, weka mahali pa duka kwa kolamu moja ya aina ya `geography`, kisha:

```sql
CREATE INDEX maduka_mahali_idx
ON maduka USING GIST (mahali);

SELECT jina
FROM maduka
ORDER BY mahali <->
  ST_MakePoint(36.89, -1.28)::geography
LIMIT 5;
```

Hiyo alama `<->` ndiyo siri yote. Ukipanga kwa `ST_Distance` badala yake, majibu yatafanana, lakini indeksi italala tu na databesi itapima maduka yote. Ndiyo maana mtu anaapa ameweka indeksi na bado mambo ni polepole. Usibahatishe: weka `EXPLAIN` mbele ya swali. Ukiona `Index Scan using maduka_mahali_idx`, uko sawa. Ukiona `Seq Scan` na `Sort` juu yake, bado unapima Nairobi nzima. Jaribu na data nyingi lakini, kwa sababu jedwali likiwa dogo, databesi yenyewe inaweza kuona ni rahisi kusoma yote.

Angalia pia mpangilio wa namba. Google Maps inakupa latitudo kwanza. `ST_MakePoint` inataka longitudo kwanza. Ukigeuza, mteja wako wa Umoja anajipata baharini kati ya Uhispania na Aljeria, na hakuna kosa litatokea kwa skrini, kwa sababu namba zote mbili zinakubalika. Dalili ni umbali: duka la mtaani linasoma maelfu ya kilomita.

Sasa wengine wataniambia hii yote ni bure kwa sababu inapima kama ndege anavyoruka, na bodaboda hairuki. Ni kweli. Mteja akiwa Roysambu na duka likiwa ng'ambo ya Thika Road, mita 150 za ndege zinaweza kuwa safari ndefu ya kutafuta pa kugeuzia. Lakini hiyo si sababu ya kuacha indeksi, ni sababu ya kuitumia kwanza. Badilisha `LIMIT` iwe 20, chukua hayo maduka 20, halafu pima njia halisi ya barabara kwa hayo peke yake. Kupima barabara ni kazi nzito. Huwezi kuifanya kwa maduka 20,000 kila mtu akifungua apu.

Kwa hivyo kabla uombe bosi pesa ya seva kubwa, fungua lile swali lako na uliwekee `EXPLAIN`. Ukipata `Seq Scan`, rudi hapa kwa komenti utuambie jedwali lako lina maduka mangapi.