Barua ya Halmashauri Isipelekwe Mgodini

Chukua kikundi cha akina mama wa Nyangoto wenye kuku 200 wa mayai. Kuku hao wakitaga vizuri hutoa kiasi cha trei tano kwa siku, na trei tano za kila siku hazimalizwi na genge la jirani. Kikundi hakina budi kuandika barua. Kitaandika kwa Halmashauri ya Wilaya ya Tarime kuomba mkopo wa asilimia kumi, ule unaotengwa katika mapato ya ndani ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Kitaandika kwa mnunuzi wa chakula cha wafanyakazi wa mgodi wa North Mara, ambao mashine zake tunazisikia usiku. Na kikipata nguvu kitaandika ng'ambo ya pili, wilaya ya Serengeti, kwenye hoteli na kwa watu wa hifadhi.

Kosa tunalolifanya ni kuandika barua moja na kuipeleka kote, tukibadilisha jina la mpokeaji tu. Nasema ni kosa kwa sababu adabu ya ofisi moja ni usumbufu katika ofisi nyingine, na anayeandika vibaya haambiwi kwamba kaandika vibaya. Hajibiwi, basi. Kisha tunakaa kijiweni tukisema ofisi hizo zimebagua watu wa Nyamongo.

Tuanze na halmashauri. Barua ya serikali ni karatasi ya kuingia kwenye jalada. Inapokelewa masjala, inagongwa muhuri, inapewa namba, inapanda kwa Mkurugenzi, naye anaandika pembeni kwamba Afisa Maendeleo ya Jamii ashughulikie. Baada ya miaka miwili mkaguzi wa hesabu anaweza kulifungua jalada lile na kuuliza mkopo ulitolewa kwa maombi gani. Ukilijua hilo utaona kwamba kila tunachokiita urasimu katika barua ile kina kazi. Unaandika kwa cheo, Mkurugenzi Mtendaji, bila kutaja jina la mtu, kwa kuwa mtu anahamishwa na kiti kinabaki. Ukiandika jina, na mwenye jina amekwisha kwenda wilaya nyingine, barua yako inaweza kulala mezani kama barua binafsi. Unaweka K.K., yaani kupitia kwa, ukitaja Afisa Mtendaji wa Kata ya Matongo na Afisa Mtendaji wa Kijiji cha Nyangoto, kwa sababu Mkurugenzi hawajui akina mama wale, na anayeweza kuthibitisha kwamba kikundi kipo na kuku wapo ni mtendaji anayewaona. Barua iliyoruka ngazi hizo hurudishwa chini, na wiki zimekwisha kupotea.

Halafu kinakuja kichwa cha habari chenye YAH: kwa herufi kubwa, kikitaja ombi na kiasi cha fedha, sentensi ya kurejea kichwa hicho, maelezo, na mwishoni, naomba kuwasilisha. Kijana aliyesoma mjini huyacheka maneno hayo na kuyaita ya kizamani. Ayacheke, lakini ayaandike. Karani wa masjala ana barua nyingi za kupanga kabla ya saa sita, na YAH: ndiyo inayomwambia yako aitie jalada gani.

Sasa vyeo, maana hapa ndipo tunapojikwaa mno. Siku hizi kila mwenye meza tunamwita Mheshimiwa. Katika ofisi zetu neno hilo lina watu wake: mbunge, diwani, waziri, Mkuu wa Wilaya, hakimu na jaji. Mkurugenzi Mtendaji ni mtumishi wa umma, naye kwenye barua ni Ndugu. Wapo wanaodhani kumwita mtu Ndugu ni kumshusha. Sisi wa mkoa wa Mara tungekuwa wa mwisho kudhani hivyo, kwa kuwa aliyezaliwa Butiama aliongoza nchi hii akiitwa Mwalimu, na katika chama chake wakubwa kwa wadogo waliitana Ndugu. Neno Mheshimiwa likipewa asiyestahili halimfurahishi msomaji makini. Linamwonyesha kwamba mwandishi hajui anamwandikia nani, na kwamba huenda hata fedha anazoomba hajui zinatoka wapi.

Na shikamoo je? Hiyo ni ya umri, na mahali pake ni mdomoni. Afisa mifugo wa miaka 25 akikutana na mwenyekiti wa kikundi wa miaka 60 ndiye atakayeamkia, ingawa mwenye ofisi ni yeye. Katika barua mambo hayo hayaingii kabisa: mama mtu mzima atamwandikia kijana yule Ndugu Afisa, na hakuna aliyekosewa heshima. Kwenye ujumbe wa simu mipaka imelegea. Hapo ukimwandikia mzee wa kijiji anza na shikamoo, mwulize hali, ndipo useme shida. Ukimwandikia afisa ambaye hamjazoeana, habari za kazi inatosha, kisha jina lako, kijiji chako na shida yako katika ujumbe huohuo. Usitume salamu tupu ukangoja aitikie. Mtu mwenye vijiji kadhaa vya kuhudumia anaona salamu kutoka namba asiyoijua, anaiacha, na wewe unasema ana maringo.

Tuvuke uzio tuingie mgodini. Huko barua haitafuti jalada, inatafuta mtu. Ofisa wa manunuzi, au wa kampuni inayopikia wafanyakazi, anasoma baruapepe kwenye simu akitoka mkutanoni, na wengi wao wamefundwa kazi na Wakanada, Waaustralia au watu wa Afrika Kusini, ambao huitana kwa majina ya kwanza kuanzia meneja hadi fundi. Anachotaka kukiona mstari wa kwanza ni kitu gani, kiasi gani, bei gani na lini. Ukimwekea aya nzima ya kumtakia afya njema yeye na familia yake, halafu historia ya kikundi tangu kuanzishwa, halafu ombi kwenye aya ya tatu, ombi hilo halitasomwa. Wala hakukusudia dharau. Simu ilionyesha mistari minne tu na yeye akapita.

Hebu tuiandike ile ya mayai. Kichwa cha ujumbe: Mayai, trei 30 kila Jumatatu, Nyangoto. Salamu ya mstari mmoja yenye Bwana au Bi. na jina la ukoo. Kisha: Sisi ni kikundi cha wanawake wa kijiji cha Nyangoto, tunaweza kuleta trei 30 za mayai getini kila Jumatatu asubuhi kuanzia mwezi ujao. Bei ya trei ikifikishwa getini ni shilingi kadhaa, nayo itadumu miezi mitatu. Tuna namba ya mlipakodi, leseni ya biashara na risiti za EFD, nakala zimeambatishwa. Je, tulete trei moja ya kuonja wiki hii? Jina, cheo katika kikundi, namba ya simu. Imekwisha. Angalia hesabu: kuku wanatoa trei 35 kwa wiki, tumeahidi 30, maana kuku huugua na mayai huvunjika. Upole wa maneno hauponyi ahadi iliyovunjika wiki ya pili.

Mbona tumeanza na jina la ukoo ilhali wao wanaitana kwa jina la kwanza? Kwa sababu kupanda ni kugumu kuliko kushuka. Anza na heshima ya juu, kisha tazama anavyojibu. Akitia sahihi jina la kwanza tu, na akikuita kwa jina lako la kwanza, ujumbe wa pili mfuate. Ukiendelea kumwita Bwana Meneja Mheshimiwa baada ya hapo, ataona unamweka mbali. Lakini dada, mama na mrembo visiandikwe hata siku moja kwa ofisa wa kike usiyemjua, hata kama huku mtaani ni maneno ya upendo. Kwenye kazi yanasomeka kama umesahau cheo chake. Na asipojibu, jua kwamba mgodini watu hufanya kazi kwa zamu ndefu kisha huenda mapumziko. Subiri, rudia mara moja kwa mistari miwili, umwombe akutajie mwenzake aliye zamu.

Upande wa Serengeti una mitego miwili yake. Wa kwanza ni hifadhi yenyewe. Tangu TANAPA iingie mfumo wa jeshi usu, mkuu wake ni Kamishna wa Uhifadhi, na maofisa wana vyeo vinavyovaliwa mabegani. Barua yenye vyeo vya zamani haitatupwa, ila inaonyesha kwamba umeinakili kwenye barua ya miaka iliyopita. Piga simu ofisini, uliza cheo kamili, uandike. Wa pili ni wageni wa Kijerumani, ambao wako Serengeti tangu Profesa Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walipohesabu wanyama kwa ndege miaka ya 1950, na Shirika la Wanyama la Frankfurt bado linafanya kazi huko. Sisi tunasema Rais Samia, Daktari Asha, cheo na jina la kwanza, na tunahisi tumeheshimu. Mjerumani katika barua ya kikazi anategemea cheo na jina la ukoo, na kama ni Daktari basi Daktari iandikwe. Mzungu wa mgodini ukimfuatilia na vyeo utamchosha. Mjerumani ukimwita kwa jina la kwanza barua ya kwanza utamshangaza. Wote wawili tunawaita wazungu, na hapo ndipo barua moja ya wazungu wote inapoharibika.

Wala adabu hii si deni la wanakijiji peke yao. Kampuni yoyote inayotaka kusema na Nyangoto kuhusu ardhi, fidia au uthamini isitume ujumbe wa simu unaoanza Wapendwa wadau. Iandike kwa Mtendaji na Mwenyekiti wa Kijiji, iombe mkutano mkuu wa kijiji, na kabla ya siku hiyo itume mtu kwa wazee wa kimila kwa miguu yake, maana wazee wa Kikurya jambo zito hawaambiwi kwa karatasi. Tangazo lililobandikwa ubaoni, hata likiwa na Kiswahili safi, kwao ni kama hawajaambiwa.

Basi nawaomba akina mama wa vikundi, na vijana mnaowaandikia mama zenu barua: wiki hii ifuteni ile barua moja mliyoihifadhi kwenye simu, andikeni mbili. Ya mkopo ianzie kwa Mtendaji wa Kijiji, ikiwa na nakala mbili, na nakala ya pili irudi nyumbani ikiwa na muhuri wa kupokelewa na tarehe.