Kugawa Kazi Wodini Hakufundishwi kwa Karatasi

Katika kozi za uongozi wa wauguzi mna mambo mawili ambayo hufundishwa mbalimbali. La kwanza ni kutanguliza, yaani kujua mgonjwa yupi aendewe kwanza. La pili ni kukasimu, yaani kumpa msaidizi kazi, nawe ungali mwenye kuulizwa habari zake. Twasema wazi kwamba desturi ya kuyatenga mambo haya ni mbaya, na desturi ya kuyapima kwa maswali ya karatasi ni mbaya zaidi.

Swali la karatasi huwaje? Mwalimu huandika wagonjwa wanne, kila mmoja na mapigo yake ya moyo na presha yake, kisha huuliza, "Utamwendea nani kwanza?" Mwanafunzi aliyesoma vema huona mara moja kwamba mwenye mapigo 122 ndiye wa kwanza. Hupewa maksi zake, akaenda zake. Lakini twauliza: ile 122 ilitoka wapi? Wodini haikuandikwa popote. Haipo mpaka mtu aende kitandani, ashike mkono wa mgonjwa, ahesabu. Na kama muuguzi ni mmoja na wagonjwa ni 26, atakayekwenda mara nyingi ni mwingine. Kwa hiyo huwezi kujua nani atangulizwe kabla hujajua kumtuma mtu vema. Mambo haya mawili ni somo moja.

Natutoe mfano ulio kama wodi zetu zilivyo. Ni wodi ya wanawake, saa 1:30 usiku, zamu imekwisha kukabidhiwa. Yupo muuguzi mmoja na mhudumu mmoja, mama mtu mzima. Kitanda namba 4, mgonjwa alianza kuongezewa damu dakika 10 zilizopita, naye asema anaona baridi na mgongo unamwuma. Kitanda namba 15, mwenye mguu uliovunjika analia, na ndugu yake anapiga kelele kwamba sindano ya maumivu imechelewa saa nzima. Simu inalia: chumba cha upasuaji wataka mtu aje kumchukua mgonjwa wao. Na kitanda namba 9, mama aliyepasuliwa kujifungua saa 8 mchana amenyamaza kimya. Ndugu yake asema amelala. Tangu saa 11 jioni hakupimwa.

Wanafunzi wengi humkimbilia mwenye kelele, wakamsahau aliyenyamaza. Aliyefunzwa vema humwendea wa namba 4 yeye mwenyewe, kwa maana baridi na maumivu ya mgongo damu inapoanza kuingia huenda ni dalili ya damu isiyopatana. Husimamisha damu mara ile, haling'oi sindano mshipani, hubadili mrija na kuweka maji ya chumvi, hulinganisha jina na namba za mfuko na za mgonjwa, humwita daktari, na mfuko huuweka kwa ajili ya maabara. Kazi hii haipewi mhudumu.

Lakini kabla hajafika kitandani hapo, imempasa kusema neno moja kwa mhudumu, na hapa ndipo somo lote lilipo. Wengi husema, "Mama, kaniangalizie yule wa namba 9." Ni maneno ya adabu, ila hayana kazi ndani yake. Mama atakwenda, atatazama, atarudi aseme, "Amelala salama." Wala hakusema uongo. Muuguzi kijana huona haya kumwagiza kwa urefu mtu wa umri wa mama yake, lakini adabu na maelezo kamili hazigombani. Aseme hivi: "Mama, tafadhali nenda namba 9. Hesabu mapigo kwa dakika nzima, pima presha, inua shuka uitazame pedi. Nirudishie habari ndani ya dakika 5, hata ukiona ni mzima. Ukikuta damu nyingi, usingoje, niite hapo hapo." Kisha amwombe ayarudie, ajue kwamba yamesikiwa. Na iwe mama huyo alikwisha fundishwa kupima, akaonekana akipima sawasawa.

Sasa twaeleza jinsi ya kulifundisha jambo hili darasani. Mwalimu amchague mtu awe mhudumu, ampe kadi mfukoni: mapigo 122, presha 100 kwa 60, pedi imelowa yote. Amri ni hii: asitoe ila lile aliloagizwa kulitazama. Akiambiwa "mwangalie," ajibu "amelala." Akiulizwa mapigo, ataje mapigo. Hivyo mwanafunzi huvuna agizo alilolipanda, wala mwalimu hahitaji kumkemea.

Kadi hiyo hufundisha na jambo jingine. Presha ya 100 kwa 60 haimshtui mwanafunzi, kwa kuwa mama kijana aweza kupoteza damu nyingi kabla presha haijashuka sana. Bali mapigo yakiipita namba ya juu ya presha, kama hapa 122 kuipita 100, ni hatari iliyo wazi. Kuleta namba ni kazi ya mhudumu, kuzipima maana yake ni kazi ya muuguzi. Na zikifika namba hizi, kazi ile ile ya kupima iliyofaa kupewa mhudumu haifai tena. Muuguzi aende mwenyewe, alikande tumbo la uzazi, na daktari aliyeitwa kwa wa namba 4 aambiwe kwamba sasa wapo wawili.

Tena mwalimu amtume ndugu wa mgonjwa amzuie mhudumu njiani, akamchotee maji. Dakika 5 zipite, asirudi. Mwalimu anyamaze. Mwanafunzi aliyeweka saa ataitazama na kuuliza, "Mama yu wapi?" Asiyeweka saa hatakumbuka. Ama chumba cha upasuaji waambiwe wangoje, maana mgonjwa aliyetoka katika usingizi wa dawa hapokewi na mhudumu peke yake. Na mwenye mguu aambiwe kweli kwamba sindano yaja, tena baada ya nini.

Tunajua watakaotujibu kwamba hawana vyumba wala sanamu za kufundishia. Mchezo huu wataka vitanda au meza 4, kadi, na saa ya ukutani. Uchezwe dakika 10, uzungumzwe dakika 20. Wengine watasema kwamba wodini watajifunza wenyewe. Ni kweli, lakini huko ada ya somo hulipwa na mama wa kitanda namba 9.

Walimu wengi hupenda kuwatajia wanafunzi habari za Yethro, katika Kutoka mlango wa 18, alipomshauri Musa asijichoshe peke yake. Wasisahau kwamba Yethro hakusema "gawa kazi" tu. Alisema watu wawe wa namna gani, na neno lipi waliamue wenyewe, na lipi lirudishwe kwa Musa. Kukasimu bila mpaka huo ni kuitupa kazi.

Kwa hiyo twawaomba walimu wenzetu waache kutoa maksi kwa jina la mgonjwa wa kwanza. Wamwulize mwanafunzi maswali matatu: ulimwambia nini msaidizi wako, kwa maneno yale yale? Ulijuaje kwamba limefanyika? Na ni habari gani ingalikufanya umwache huyu, umwendee yule? Asiyeweza kuyajibu asikabidhiwe zamu ya usiku, hata akiwa na maksi 100 za karatasi.