Tuanze na ngeli, si na projekta

Wenzangu, mwaka 1986 Shulman aliunganisha ujuzi wa somo na ujuzi wa kufundisha. Mwaka 2006 Mishra na Koehler wakaongeza teknolojia. Sisi tunaanza na chombo, na hapo naona tunakosea.

Chukueni ngeli. Mtoto wa Lubumbashi husema “katoto kangu, tutoto twangu”. Mwalimu anayelijua somo husikia upatanisho kamili, si makosa. Basi arekodi kwa simu, darasa lisikilize mara mbili, litambue ka–ka na tu–tu, kisha litafute “kitoto changu, vitoto vyangu”. Jedwali la projekta haliwarudishii sauti yao. Na mtoto akiandika “kitoto kiangu”, upatanisho ameuelewa. Kimebaki kumweleza kwa nini ki- hugeuka ch- mbele ya irabu.