Kibanda kimoja, nyakati nne: badilisha mwanga, usichore kibanda upya



Siku hizi naona wengi mnaposti zile picha nne za mahali pamoja: alfajiri, mchana, magharibi na usiku. Mwenye duka anaonyesha yupo muda wote, mwenye gesti anaonyesha mandhari yake. Wazo ni zuri sana. Ila wengi mnazitengeneza kwa akili mnemba kwa njia ambayo mimi naona inawaharibia biashara, na leo nataka tuliongee hili.

Msimamo wangu ni huu: picha nne za kulinganisha hazitengenezwi mara nne. Inatengenezwa moja, halafu unabadilisha mwanga wake tu. Ukiandika maelezo manne na kuomba picha nne mpya, umepata vibanda vinne tofauti, hata kama vinafanana.

Nimejifunza kwa dada mmoja hapa Dar ninayemsaidia matangazo. Ana kibanda cha chakula. Alfajiri anauza chai na chapati, mchana wali, jioni juisi, usiku chipsi. Shida yake ni kwamba watu wa asubuhi hawajui kama usiku yupo, na wa usiku hawajui kama ana chai. Nikamwambia tuweke picha nne za kibanda hichohicho, chini tuandike saa na chakula. Jicho likiona kila kitu kiko palepale na mwanga tu ndio umebadilika, mtu anaelewa bila kusoma maneno mengi: huyu yupo kutwa nzima.

Mara ya kwanza nilifanya kivivu. Niliandika "kibanda cha bluu, mabenchi mawili, mwavuli, asubuhi", nikapata picha. Nikafuta "asubuhi" nikaandika "usiku", nikaomba tena. Na kile kisanduku cha namba kilichoandikwa Seed niliweka namba ileile mara zote, maana niliambiwa namba ikiwa moja picha haitembei.

Ikatembea. Usiku mabenchi yakawa matatu. Mwavuli ukahamia kushoto. Ukatokea mwembe ambao haupo mtaa ule. Na taa ya dada ni balbu moja, picha ikaweka taa tatu za kuning'inia kama hotelini. Tukaposti hivyohivyo kwa haraka. Siku ya tatu mama mmoja alikuja na watoto saa 3 usiku, akamwambia dada, "Nimezunguka natafuta pale penye mwembe na taa nyingi, kumbe ni hapa?" Alikula, lakini uso wake ulisema amedanganywa. Ile picha nilitengeneza mimi, si dada.

Sasa kwa nini namba ileile haikusaidia? Programu nyingi za picha zinaanza na chengachenga tupu, kama televisheni ya zamani isiyoshika stesheni, halafu zinazisafisha hatua kwa hatua mpaka picha itokee. Namba ya Seed inashika zile chengachenga za mwanzo tu. Maneno yako ndiyo yanayoongoza usafishaji, na maumbo makubwa, yaani kibanda kiko wapi na benchi liko wapi, yanaamuliwa mapema kabisa katika hatua za kwanza. Ukibadilisha neno moja kutoka asubuhi kwenda usiku, maamuzi ya mwanzo yanaweza kubadilika, na kila kitu kikafuata. Namba ileile na maneno yaleyale na mipangilio ileile, hapo sawa, utapata picha ileile. Ila hiyo haikusaidii, maana wewe unataka usiku.

Kwa hiyo tukaanza upya, hivi.

Kwanza, picha ya msingi ni ya kweli, imepigwa kwa simu ya dada. Tuliipiga saa 2 asubuhi siku ya mawingu, simu ikiwa imeegemezwa kwenye ndoo iliyopinduliwa juu ya stuli, hakuna mtu mbele. Kwa nini mawingu? Kwa sababu siku ya mawingu hakuna vivuli vikali. Ukiipiga jua likiwaka, kivuli cheusi cha mwavuli kinabaki chini, na programu ikigeuza picha kuwa usiku mara nyingi inakiacha palepale. Unapata usiku wenye kivuli cha jua. Watu hawatajua kasoro ni nini, ila picha wataiona ya uongo.

Pili, tulitumia sehemu ya kuhariri picha kwa maelezo, siyo sehemu ya kutengeneza picha mpya. Unapakia picha yako, unaandika unachotaka kibadilike. Kila ombi tulianza na sentensi moja isiyobadilika: "Usibadilishe umbo, idadi wala nafasi ya kitu chochote, badilisha mwanga na rangi ya anga tu." Ndipo tukaeleza mwanga.

Hapa angalia kitu kimoja. Usiandike saa kwa Kiswahili ukitegemea programu itaelewa. "Saa moja usiku" inaweza kuichukua kama saa saba ya usiku wa manane. Eleza unachokiona kwa macho.

Na lazima ujue kibanda chako kinatazama wapi. Cha dada kinatazama mashariki, kwa hiyo mpiga picha anasimama mbele yake akitazama magharibi. Alfajiri mwanga unatokea mgongoni mwa mpiga picha, na anga nyuma ya kibanda bado ni la bluu iliyofifia. Magharibi ni kinyume: jua linazama nyuma ya kibanda, anga lina rangi ya chungwa, na mbele ya kibanda pako kwenye kivuli. Programu haijui haya. Ukiiachia, inapenda kuweka jua la chungwa nyuma ya kibanda alfajiri na magharibi pia, na picha mbili zinakuwa kama moja. Hilo ndilo kosa ninaloliona zaidi kwenye picha zenu.

Maelezo yetu manne yakawa hivi:

1. Alfajiri: mwanga hafifu wa bluu, hakuna jua, hakuna vivuli, balbu moja imewaka.
2. Mchana: jua liko juu kabisa, vivuli vifupi chini ya mwavuli na benchi, anga jeupe, balbu imezimwa.
3. Magharibi: anga la chungwa nyuma ya kibanda, mbele kuna kivuli, balbu imewaka.
4. Usiku: anga jeusi, mwanga wote unatoka kwenye ile balbu moja tu, pembeni giza.

Tatu, na hili wengi mnalikosea: kila mara tulirudi kwenye picha ya msingi. Usichukue ya mchana ukaigeuza magharibi, halafu ya magharibi ukaigeuza usiku. Kila uhariri unasogeza vitu kidogo na kupoteza kitu kidogo. Ukiunganisha matatu mfululizo, ya mwisho imeshakuwa ndugu wa mbali wa ya kwanza. Ni kama kutoa fotokopi ya fotokopi.

Kuna programu ambazo hazipokei sentensi kama hizo, zina kitelezo kilichoandikwa Strength. Ukikiweka chini, vitu vinabaki palepale lakini mchana haugeuki usiku, unakuwa mchana uliopauka. Ukikipandisha mpaka usiku utokee, vitu vinahama. Kwa kazi hii, kitelezo hicho peke yake hakitoshi. Usipoteze bando kuhangaika nacho, tafuta yenye kuhariri kwa maelezo.

Nne, kukagua. Usikague kwa kutazama picha zikiwa pembeni kwa pembeni, jicho linasamehe. Fungua programu yoyote inayoweza kuweka picha juu ya picha, weka ya usiku juu ya ya msingi, ipunguze nguvu mpaka nusu ili ya chini ionekane. Kama ukingo wa benchi au nguzo unaonekana mara mbili, kitu kimehama. Yetu ya magharibi ilikuwa imesogea yote kwa pamoja na kukatwa kidogo juu. Hilo tulirekebisha kwa kuikuza na kuisogeza mpaka zikalingana, kisha tukakata zote nne kwa kipimo kimoja. Ila ya usiku ilikuwa na nguzo ya ziada. Hiyo hairekebishiki kwa kusogeza, tulifuta tukaomba tena. Tuliomba mara nne ndipo ikakaa.

Halafu soma maandishi. Bango la dada lenye namba ya simu lilitoka na herufi zilizopinda na tarakimu moja imebadilika. Fikiria mteja anapiga namba ya mtu mwingine! Tulikata bango kwenye picha ya msingi, tukalibandika juu ya kila picha na kulipunguza mwanga lilingane.

Najua kuna atakayeniuliza: si upige tu picha nne za kweli? Kama unaweza, piga, na ni bora. Dada hawezi. Alfajiri mikono iko kwenye unga, magharibi bodaboda zimepaki mbele, usiku simu yake inatoa ukungu. Ila nilimwomba kitu kimoja: apige picha moja ya usiku, hata mbaya. Tukailinganisha na ile ya kutengeneza. Ya kutengeneza ilionyesha hadi benchi la pili linang'aa, ya kweli benchi hilo liko nusu gizani. Tukapunguza mwanga mpaka zikafanana. Dada hakufurahi. Wiki iliyofuata alinunua balbu ya pili, ndipo tukairudia picha.

Hapo ndipo ninapoweka mpaka wangu. Kama mwanga ni mapambo ya tangazo, tengeneza. Kama mwanga ndiyo bidhaa yenyewe, yaani unauza taa za sola, balbu, rangi za nyumba au vitambaa, usitengeneze kabisa. Programu haijui taa yako ina nguvu kiasi gani wala rangi yako inaonekanaje jua la saa sita. Inabuni. Mteja atalipia ile ya kwenye picha, halafu atakurudishia ile uliyonayo.

Wewe kibanda chako kinatazama wapi? Kabla hujaposti zile nne, weka moja juu ya nyingine uone. Ukikuta nguzo mbili, njoo utuambie hapa chini.