Hukumu ya Mapitio Husomwa Kuanzia Amri

Mahakama Kuu inapotoa hukumu ya mapitio ya kimahakama dhidi ya mamlaka ya umma, makundi mawili hujitokeza siku hiyo hiyo. Wanaharakati hutangaza kwamba mwombaji ameshinda, hivyo alikuwa na haki. Maofisa hujibu kwamba ameshinda kwa mambo ya kiufundi tu, hivyo hakuna kilichobadilika. Makundi yote mawili yanakosea kwa sababu ileile: hayakufika ukurasa wa mwisho, na hata waliofika hawakurudi kuulizia uamuzi uliopingwa ni upi.

Wanafunzi wetu nao tumewaharibu. Tumewazoesha kusoma hukumu kama riwaya, aya ya kwanza hadi ya mwisho, huku wakipaka rangi kila sentensi yenye jina la kesi ya zamani. Nimeona hapa Bombambili nakala za hukumu zilizochapishwa kwa fedha ya mlo, kurasa arobaini zimepakwa rangi ya njano, na mwenye nakala hawezi kusema mahakama iliamuru nini. Huyo hajasoma hukumu, bali amepita ndani yake.

Nichukue mfano mmoja ambao kila mwanafunzi ataguswa nao. Ni Rufaa ya Madai namba 266 ya mwaka 1996 katika Mahakama ya Rufani ya Kenya, iliyotolewa hukumu mwaka 1997, kati ya Baraza la Mitihani la Kenya na watahiniwa kumi. Wanasheria huiita kesi ya Gathenji. Watahiniwa walifutiwa matokeo yao, wakaenda Mahakama Kuu, na baada ya hapo Baraza likakata rufaa. Baraza likashinda.

Ukiishia hapo, utasema mahakama iliridhika kwamba vijana wale walidanganya kwenye mtihani. Nimesikia watu wazima wakisema hivyo, tena kwa kujiamini. Sasa tuisome hukumu kwa mpangilio mwingine.

Tunaanza na amri. Mwishoni tunaona rufaa imekubaliwa, yaani watahiniwa hawakubaki na kitu. Tunaliweka hilo kichwani na kurudi mwanzoni kutafuta jambo moja tu: uamuzi uliopingwa. Ni upi, wa nani, na ulikuwa umekwisha kutolewa au ulikuwa bado unatarajiwa? Hapa jibu ni wazi. Uamuzi ni wa Baraza wa kufuta matokeo, na ulikuwa umekwisha kutolewa. Swali linalofuata ni hili: watahiniwa waliomba nini kuhusu uamuzi huo? Waliomba amri ya kukataza, na amri ya kushurutisha Baraza litimize wajibu wake kwao. Hawakuomba amri ya kutengua.

Anayesoma hivyo ameshaiona hatari kabla hajafika kwenye hoja za majaji, na hoja zenyewe zitamwingia kwa urahisi. Mahakama ilieleza kwamba amri ya kukataza hutazama mbele. Inaweza kuizuia mamlaka isifanye jambo inalokusudia kulifanya, lakini haiwezi kufuta lililokwisha kufanywa, hata kama lilifanywa nje ya mamlaka au bila kumsikiliza mtu. Amri ya kushurutisha nayo humlazimisha mtu kutimiza wajibu uliowekwa na sheria, wala haivuki mpaka wa wajibu huo. Sheria inapomwachia mwenye wajibu hiari ya namna ya kuutimiza, mahakama haimchagulii namna. Chombo cha kuondoa uamuzi uliokwisha kutolewa ni kimoja, amri ya kutengua, nacho hakikuombwa. Uamuzi wa kufuta matokeo ukabaki umesimama.

Kwa hiyo ushindi wa Baraza hauwezi kusomwa kama hukumu ya udanganyifu. Kilichoamua rufaa ni kutolingana kwa uamuzi uliopingwa na amri zilizoombwa. Anayeinukuu kesi hii kama uthibitisho kwamba mabaraza ya mitihani yana uhuru wa kufuta matokeo apendavyo anaisingizia mahakama.

Kuna mipaka ya kuitumia, nayo haifai kufichwa. Kenya yenyewe imebadilika tangu Katiba ya 2010 na sheria ya mwaka 2015 ya hatua za haki za kiutawala, ambayo iliwapa majaji amri nyingi zaidi za kuchagua. Kwetu Tanzania Bara, Sura ya 310 bado inazungumzia amri zilezile tatu: kushurutisha, kukataza na kutengua. Mtego wa Gathenji kwetu ungali hai.

Kuhusu sababu za kuomba, msomaji wa Tanzania ana bahati, kwa kuwa Mahakama ya Rufani ilizipanga katika kesi ya Sanai Murumbe, iliyoripotiwa mwaka 1990. Mamlaka ilizingatia isiyopaswa kuyazingatia. Iliacha iliyopaswa kuyazingatia. Haikuwa na mamlaka au iliyavuka. Ilifikia hitimisho ambalo hakuna mamlaka yenye busara ingelifikia. Ilivunja kanuni za haki ya asili. Au utaratibu wake, ama uamuzi wenyewe, ulikuwa kinyume cha sheria. Hakuna hata moja isemayo kwamba mamlaka ilikosea tu katika kupima ushahidi. Huo ni uwanja wa rufaa.

Unaposoma hoja, basi, tafuta jaji alisimama juu ya sababu ipi. Mwombaji huweza kuleta tano, mawakili wakazijadili kurasa ishirini, na jaji akamaliza shauri kwa moja. Sehemu kubwa ya hukumu zetu ni masimulizi ya waliyosema mawakili, na makosa mengi ya kunukuu huzaliwa hapo: mtu anachukua maneno ya wakili wa Serikali na kuyatangaza kama maneno ya mahakama. Angalia mahali masimulizi yanapokoma na jaji anapoanza kusema kwa nafsi yake.

Sababu hiyo ndiyo inayokwambia amri ina uzito gani. Mtumishi aliyefukuzwa kazi na kufukuzwa huko kukatenguliwa kwa kuwa hakusikilizwa hajasafishwa tuhuma. Mwajiri anaweza kuanza upya, safari hii akimsikiliza, isipokuwa amri inasema vinginevyo. Lakini uamuzi ukitenguliwa kwa kuwa aliyeutoa hakuwa na mamlaka, yeye hana cha kurudia. Ofisa anayeziita hukumu hizi mbili kwa jina moja la “mambo ya kiufundi” huenda akaandika barua ya pili iliyo batili kama ya kwanza.

Na kabla ya hayo yote, hakikisha unachosoma ni hukumu ya mwisho. Chini ya kanuni za mwaka 2014, mwombaji huomba kwanza kibali, ndani ya miezi sita tangu uamuzi anaoulalamikia. Akikipata, ana siku kumi na nne kuwasilisha maombi yenyewe. Uamuzi wa kutoa kibali husema tu kwamba kuna jambo la kubishaniwa. Kila mwaka naona uamuzi wa namna hiyo ukisambazwa kama ushindi, na kila mwaka mkuu wa idara fulani hushtuka na kusimamisha kazi ambayo hakuna aliyemwamuru kuisimamisha. Kama mahakama imeweka zuio la muda pamoja na kibali, litaandikwa kwenye amri, pamoja na kinachozuiwa na hadi lini. Lisipoandikwa, halipo.